Siku sitini za mshahara: pa kupata ushauri wa sheria bila malipo Mbeya na Iringa

Dada mmoja anapika kwenye gesti jirani na Mwanjelwa, jijini Mbeya. Alianza kazi Machi 2022 bila mkataba wa maandishi. Mshahara ni shilingi 180,000 kwa mwezi na anapewa mkononi. Mwaka 2024 mshahara wa Machi haukutoka. Bosi alimwambia biashara ngumu, avumilie. Wa Aprili nao haukutoka. Tarehe 20 Mei alipouliza tena akaambiwa asirudi kesho.

Huyu dada ni wa mfano, nimemtunga, lakini mambo yake ni yaleyale niliyokuwa nayakuta kila wiki nilipokuwa msaidizi wa kisheria wa kujitolea. Wengi waliofika mezani kwetu walikuwa na haki ya wazi kabisa. Tatizo lao lilikuwa kalenda. Walikuwa wameshazunguka: kituo cha polisi, kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa mchungaji, kwa ndugu wa bosi anayesikilizwa. Kila walikofika walipokelewa vizuri na kuambiwa warudi wiki ijayo. Wakati huo siku zilikuwa zinakatika, na hakuna aliyewaambia kwamba zinahesabiwa.

Basi nianze na siku hizo, maana ukitafuta ushauri wa bure bila kuzijua unaweza kuupata ukiwa umechelewa.

Migogoro ya kazi Tanzania Bara haianzii mahakamani. Inaanzia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo watu wengi wanaiita CMA tu. Tume hiyo iliundwa na Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, na ina ofisi mikoani, Mbeya na Iringa zikiwamo. Kanuni zake za mwaka 2007 zinatoa muda wa aina mbili. Anayelalamikia kuachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 tangu siku aliyoachishwa. Mwenye dai lingine lolote, mshahara usiolipwa likiwamo, ana siku 60 tangu mgogoro ulipoanza.

Tuhesabu za yule dada. Aliachishwa tarehe 20 Mei, kwa hiyo siku 30 zinamfikisha tarehe 19 Juni. Watu wengi huishia hapo na kudhani wana mwezi mzima wa kujipanga. Lakini mshahara wa Machi ulipaswa kulipwa tarehe 31 Machi. Ukihesabu siku 60 kutoka hapo unafika tarehe 30 Mei. Maana yake ni kwamba siku alipofukuzwa alikuwa amebakiwa na siku kumi tu za kudai mshahara wa Machi bila kuuweka hatarini. Mwajiri mwenye wakili mzuri atatazama tarehe hizo kabla ya kitu kingine chochote, na dai likionekana limechelewa, hoja ya kama pesa ilikuwa yako au la haisikilizwi kwanza.

Aliyechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda. Anaandika maombi, anaapa kiapo, na anaeleza sababu ya kuchelewa. Sababu ninayoisikia kuliko zote ni hii: "Nilikuwa nazungumza na bosi, aliniahidi atanilipa." Kibinadamu inaeleweka sana. Kisheria mara nyingi haitoshi, kwa sababu mazungumzo ya pembeni hayasimamishi siku. Kwa hiyo zungumza na bosi, lakini zungumza huku fomu ikiwa imeshafika Tume.

Sasa, siku hiyo ya tarehe 20 Mei, dada huyu aende wapi kupata mtu wa kumshauri bila kumlipa?

Anaweza kwenda Tume moja kwa moja. Kufungua mgogoro pale hakuna ada. Fomu inatolewa bure, na maofisa humwonyesha mtu sehemu za kujaza. Ila elewa mpaka wao: ofisa wa Tume ndiye atakayesuluhisha au kuamua mgogoro wenu, kwa hiyo hawezi kuwa upande wako. Atakuambia fomu inajazwaje. Hatakuambia udai nini, wala hoja ipi ni dhaifu. Hilo unalitafuta kwingine kabla hujafika.

Kwingine kwa karibu zaidi ni kwa wasaidizi wa kisheria wa kata au wilaya. Hawa wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Si mawakili. Ni watu waliopata mafunzo ya msingi ya sheria, wengine walimu wastaafu, wengine akina mama wa vikundi, na wanafanya kazi chini ya asasi iliyosajiliwa. Kazi yao ni kuelimisha, kukuelekeza chombo sahihi, kukusaidia kuandika, na kujaribu kuwapatanisha. Hawaruhusiwi kukusimamia mahakamani. Huduma yao kwa mtu asiye na uwezo ni bure, hivyo anayetaka "hela ya kufungua faili" ndani ya ofisi ya msaada wa kisheria ameshavuka mstari.

Utawajuaje wa kweli? Nenda halmashauri, ofisi ya maendeleo ya jamii. Watu hawaijui siri hii, wanadhani ofisi ile ni ya mikopo ya vikundi tu. Chini ya sheria ya 2017 usajili wa watoa msaada wa kisheria uko chini ya Msajili, na usimamizi wake mikoani na wilayani unapita kwa maafisa maendeleo ya jamii. Mwulize ofisa aliyepo: ni asasi gani za msaada wa kisheria zimesajiliwa hapa, na msaidizi wa kata yetu ni nani? Swali hilo moja litakuepusha na vishoka wanaozurura karibu na mahakama na makaratasi kwapani, wanaochukua elfu thelathini yako kuandika barua ambayo haifunguliwi popote.

Kama gesti yenyewe ina tawi la chama cha wafanyakazi na ulikuwa unakatwa ada, nenda huko kwanza. Kwa watu wa hoteli, gesti na kazi za majumbani chama ni CHODAWU. Viwandani na madukani ni TUICO. Kwenye mashamba, pamoja na chai ya Mufindi na Rungwe, ni TPAWU. Ofisa wa chama anaruhusiwa kukuwakilisha mbele ya Tume, na kazi hiyo anaijua kuliko mawakili wengi kwa sababu anaifanya kila siku.

Iringa kuna faida nyingine. Chuo Kikuu cha Iringa na Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha vyote vinafundisha sheria. Penye kitivo cha sheria, ulizia kliniki ya msaada wa kisheria: wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanasikiliza na kuandika chini ya uangalizi wa walimu ambao baadhi yao ni mawakili. Uliza pia ratiba, maana vyuo vikifunga, meza hizo huwa tupu, na siku zako 60 hazijui likizo. Chama cha Mawakili wa Tanganyika nacho kina kanda zake Mbeya na Iringa. Ombi la wakili wa kujitolea hupelekwa huko, na ombi lenye nafasi nzuri ni lile linalofika na makaratasi yaliyopangwa na barua ya asasi au ya serikali ya mtaa inayoeleza kwamba huna uwezo.

Halafu kuna misimu. Mwishoni mwa Januari hadi mwanzoni mwa Februari mahakama hufanya Wiki ya Sheria, na mahakimu na mawakili hukaa kwenye mahema viwanjani wakijibu maswali bure. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa mwaka 2023, nayo imekuwa ikizunguka mikoa kwa mtindo huohuo. Ni nafasi nzuri ya kuuliza jambo zito la ardhi. Kwa mshahara, usiisubiri. Ukifukuzwa Mei, Februari ni mbali mno.

Sitaki kumsahau Afisa Kazi wa mkoa. Yeye ana mamlaka ya kuingia sehemu ya kazi, kukagua, na kumwagiza mwajiri atekeleze sheria. Kwa wafanyakazi ambao bado wako kazini na wanaogopa kujitokeza, huyu ndiye mlango mzuri. Lakini kwenda kwa Afisa Kazi si sawa na kufungua mgogoro Tume. Nimeona watu wakishika nakala ya barua waliyompelekea Afisa Kazi wakiamini ndiyo kesi yao. Polisi ndiyo kabisa: mshahara usiolipwa ni dai la kupeleka Tume, na kumwekea mwajiri "RB" hakutakulipa.

Turudi kwa dada yetu, sasa amekaa na msaidizi wa kisheria, meza moja, fomu mbele yao. Fomu Namba 1 ya Tume inaonekana nyepesi, na ndiyo maana watu wanaijaza wamesimama. Ukweli ni kwamba fomu hiyo ndiyo kesi yenyewe. Usichokiandika humo, hutakipata baadaye, hata mwamuzi akikuhurumia.

Sehemu ya kwanza ya kukosea ni jina la mwajiri. Dada anaijua gesti kwa jina la kwenye bango. Bango si mtu wala si kampuni. Ukishinda dhidi ya jina la bango, siku ya kukazia tuzo, yaani kulazimisha uamuzi wa Tume utekelezwe, huna wa kumkamata. Jina halisi liko kwenye leseni ya biashara iliyotundikwa mapokezi, au juu ya risiti ya mashine anayopewa mteja. Piga picha ya mojawapo kabla hujaondoka kazini, au mwombe mteja unayemfahamu akupe risiti yake.

Ya pili ni sehemu B ya fomu, inayojazwa na walioachishwa kazi tu. Wengi wanairuka. Dada huyu ana mambo mawili, mshahara na kuachishwa, kwa hiyo lazima aijaze: aeleze hakupewa sababu, hakuitwa kujieleza, hakupewa notisi.

Ya tatu ni hesabu. Msaidizi alimfanyia hivi. Mishahara ya Machi na Aprili ni 360,000. Kwa Mei alifanya kazi siku 17, ukitoa Jumapili. Mshahara wa siku unapatikana kwa kugawa 180,000 kwa siku 26 za kazi, ambayo ni takribani 6,923, hivyo siku 17 ni 117,691. Notisi kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28, na mara nyingi hudaiwa kama mshahara wa mwezi mmoja, 180,000. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, usiozidi miaka kumi. Yeye ametimiza miaka miwili, kwa hiyo siku 14, yaani 96,922. Jumla ni shilingi 754,613. Fidia ya kuachishwa isivyo halali inadaiwa kando, pamoja na cheti cha utumishi, ambacho ni haki yake hata kama angefukuzwa kwa kosa.

Kuna mipaka ya kusema wazi hapa. Aliyefanya kazi chini ya miezi sita hana kinga hiyo ya kuachishwa isivyo halali, ingawa mshahara wake anaudai kama kawaida. Na aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hapati kiinua mgongo. Mshauri mzuri atakuambia haya mapema hata kama hutaki kuyasikia. Mshauri anayekuahidi mamilioni kabla hajakuuliza tarehe, mwogope.

Vipi kuhusu mkataba ambao haupo? Hili ndilo linalowakatisha tamaa wengi, na halipaswi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi. Mkifika mbele ya Tume na mwajiri akashindwa kuyaleta, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti unayoyadai unakuwa wake. Hata hivyo lazima uonyeshe ulikuwa mfanyakazi wake. Dada alikuwa na meseji tatu za M-Pesa za miezi ambayo bosi alikuwa safarini, sauti ya Wasapu akimwagiza anunue nyama, na picha amevaa aproni ya gesti. Mhudumu wa mapokezi aliyeacha kazi kabla yake alikubali kuja kuwa shahidi. Hayo yanatosha kuanzia. Asiyekuwa na uhakika na simu yake azitoe nakala mapema, maana simu zinaibwa Kabwe kama kwingine.

Fomu ikishajazwa, haipelekwi Tume kwanza. Inapelekwa kwa mwajiri kwanza, kisha Tume ikiwa na ushahidi kwamba mwajiri ameipata. Mwajiri akisaini nakala yako, vizuri. Akikataa, unaituma kwa posta ya rejista na kutunza risiti, au aliyeipeleka anaapa kwamba aliikabidhi. Hapa ndipo siku nyingine hupotea, kwa sababu bosi "yuko Dar". Usimsubiri arudi.

Tume ikipokea, msuluhishi anapangwa na ana siku 30 za kujaribu kuwapatanisha. Unaruhusiwa kwenda na ofisa wa chama, wakili, au mwakilishi binafsi uliyemchagua mwenyewe. Kwa hiyo kaka yako anayejua kuongea bila kupandisha sauti anaweza kukaa nawe. Hudhuria kila tarehe. Mlalamikaji asipofika shauri linaweza kufutwa, na mwajiri asipofika msuluhishi anaweza kuliamua bila yeye.

Mara nyingi hapa ndipo mwajiri anatoa pendekezo: "Nitampa laki nne yaishe." Kukubali au kukataa ni uamuzi wako, lakini ukikubali, hakikisha hati ya makubaliano inataja tarehe za malipo na inasema kwamba awamu moja ikirukwa, kiasi chote kilichobaki kinadaiwa papo hapo. Bila sentensi hiyo utajikuta unafuata elfu hamsini hamsini kwa miezi. Usisaini chochote kinachosema "nimelipwa haki zangu zote" wakati pesa haijafika mkononi.

Msiposuluhishana, unapewa hati inayoonyesha usuluhishi umeshindikana, na shauri linakwenda kwa mwamuzi, ambaye anasikiliza ushahidi na kutoa tuzo. Mwajiri asipolipa tuzo, inapelekwa Mahakama Kuu ikaziwe kama hukumu. Hatua hiyo ina lugha na makaratasi yake, na hapo ndipo ninaposhauri mtu arudi kuomba wakili wa kujitolea hata kama hatua za mwanzo alizimudu mwenyewe. Mwajiri asiyeridhika naye ana wiki sita za kuomba mapitio Mahakama Kuu, kwa hiyo ukiona karatasi kutoka huko usiiweke juu ya kabati.

Wa nyumba na wa kiwanja wanaanzia mlango mwingine. Mwenye nyumba aliyekufungia chumba Ilomba na jirani aliyesogeza mpaka Kihesa, wote wanaanzia Baraza la Kata. Lakini tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata halitoi tena hukumu ya ardhi. Linasuluhisha tu. Ukikutana na mjumbe anayekuambia "tumeamua kiwanja ni cha fulani", ujue hana tena mamlaka hayo. Wakili naye haruhusiwi kusimama pale kama wakili, kwa hiyo hukosi kitu kwa kwenda mwenyewe na ushauri wa msaidizi wa kisheria mfukoni.

Unachokihitaji kutoka kwenye baraza hilo ni karatasi. Likishindwa kuwapatanisha, linatoa cheti kinachosema hivyo, na bila cheti hicho Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halipokei shauri lako. Ila siku 30 zikipita bila usuluhishi, unaruhusiwa kusonga mbele kwenda Baraza la Wilaya hata bila cheti. Kwa hiyo siku ya kwanza unapopeleka lalamiko kata, omba nakala yako igongwe muhuri na tarehe. Mhuri huo ndio utakaoonyesha siku 30 zilianza lini, endapo vikao vitaahirishwa kila Alhamisi kwa sababu akidi haijatimia.

Kwenye Baraza la Wilaya kuna ada na kuna taratibu, na kwa mpangaji aliyefungiwa mlango ombi la kwanza ni amri ya muda ya kufunguliwa wakati shauri linaendelea. Msaidizi wa kisheria anaweza kukusaidia kuliandaa. Kulitetea utahitaji wakili au ujisimamie. Kwa ardhi muda wa kudai umiliki ni miaka 12, mrefu mno ukilinganisha na siku 60 za mpishi wetu. Ndiyo maana mtu mwenye mambo mawili kwa wakati mmoja, kafukuzwa kazi na kwa sababu hiyo anadaiwa kodi, nilikuwa namwambia aifungue bahasha ya kazi kwanza, tena wiki hiyohiyo. Ya chumba tulikuwa tunaiandikia barua kwa mwenye nyumba jioni, pale pale mezani, tukimweleza kwamba mpangaji ana shauri la mshahara Tume na namba ya shauri ni hii. Wenye nyumba wengi waliiona namba ile wakakubali kusubiri mwezi.